Kanda Ambayo Baba Hakuifuta

Kaseti zilikuwa 11, ndani ya kopo la bati la biskuti, chini ya makoti ya kazi ya marehemu shemeji yangu. Aliyezikuta ni kitinda mimba wake, kijana wa miaka 16, siku dada yangu alipoamua nguo zigawiwe ndugu. Jioni ileile alibisha hodi kwangu, hapa Mbeya, kopo amelikumbatia kifuani.

"Shikamoo mjomba. Ile redio kaseti yako bado inafanya kazi?"

Nilikuwa nimemfahamu shemeji kwa zaidi ya miaka 25. Nilimjua kama mtu wa reli, mzee wa kanisa, msema machache, na asiyevumilia kelele nyumbani kwake. Nilidhani ni kanda za kwaya, na kweli makaratasi ya saba yaliandikwa majina ya kwaya kwa kalamu ya bluu. Ila nyuma ya makaratasi hayo kulikuwa na maandishi mengine ya penseli, ya mkono uleule ukiwa bado wa ujana: "WITCH", "Ngozi", "Musi-O-Tunya", "Kitwe 1976".

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Kijana alichomeka kaseti, akabonyeza, na baada ya kama dakika mbili sauti ikaanza kuvutika, kisha ikanyamaza. Redio ilikuwa imeila kaseti: utepe umejizungusha kwenye kigurudumu cha mpira kinachouvuta. Hutokea hivyo kigurudumu kikiwa na uchafu, au gurudumu la kupokea linapokosa nguvu ya kuukunja utepe unaofika. Tulipoutoa ulikuwa umekatika, na kipande cha kama sentimita 10 kimesagika kabisa. Utepe wa kaseti hupita kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo tulikuwa tumepoteza sekunde mbili za shemeji. Kijana alikishika kile kipande kiganjani, hakusema neno.

Kuanzia hapo tukaenda taratibu. Nilisafisha hedi na kigurudumu cha mpira kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kila kaseti tuliikagua kwanza kwa tochi kupitia kioo chake. Mbili zilikuwa na unga mweupe kwenye kingo za utepe. Huo ni ukungu, na kaseti ya namna hiyo haichomekwi kwenye mashine, maana itauchafua mwili wote wa redio na kuambukiza kaseti nyingine. Tuliufuta nje barazani, pua tumezifunga kwa barakoa, tukizungusha utepe polepole kwa kalamu ya Biki huku ukipita katikati ya kitambaa laini kikavu. Nyingine tatu zilikuwa zimedondosha kile kipande kidogo cha kitambaa kinachoukandamiza utepe kwenye hedi, kwa kuwa gundi yake hukauka na umri. Utalitambua tatizo hili kwa sikio: sauti huja na kuondoka, na matoazi hayasikiki kabisa. Dawa yake ni kuhamisha magurudumu yote mawili ya utepe kwenye gamba la kaseti nyingine, lile la kufungwa kwa skrubu tano. Kabla ya kusikiliza, kila kanda tuliipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili tabaka zilizogandana kwa miaka zilegee. Ile iliyokatika tuliiunga kwa utepe maalumu wa kuungia. Selotepu ya dukani haifai kwa kazi hiyo, kwani gundi yake huchuruzika na kuganda kwenye hedi.

Kanda ya kwanza ya kwaya ilicheza vizuri. Sopra, alto, kinanda cha kanisani, na mtoto mmoja akikohoa. Wimbo wa mwisho ulipoisha, dakika ya 26, ukasikika mlio mdogo wa kitufe. Kisha, bila onyo, gitaa likapasuka. Lilinguruma kama injini ya lori mlimani, ngoma zikilikimbiza, na kijana wa kiume akiimba kwa Kiingereza kwa sauti iliyopasuka. Ilikuwa katikati ya wimbo, haina mwanzo.

"Mjomba, hiki nini?"

Namna redio kaseti inavyorekodi ndiyo inayoeleza. Kuna hedi mbili: ya kwanza hufuta, ya pili huandika. Utepe hupita kwenye kifutio kwanza, ndipo upokee sauti mpya. Kwa hiyo unaporekodi kwaya juu ya muziki wa zamani, unafuta mpaka pale tu ulipobonyeza kitufe cha kusimamisha. Kilicho mbele ya hapo hakikuguswa. Shemeji alirekodi kwaya ya dakika 26 kwenye upande wa dakika 30, na dakika nne za mwisho zikabaki kama alivyoziacha miaka ya 1970. Kanda saba za kwaya zilitupa mikia ya namna hiyo 12, mingine sekunde 40 tu.

Muziki wenyewe una jina. Wanauita Zamrock, roki ya Zambia, na kitovu chake kilikuwa ukanda wa shaba: Kitwe, Ndola, Chingola. Shemeji alikulia Kitwe, kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wa watu wengi wa Mbeya na Rungwe waliovuka mpaka kwenda kufanya kazi migodini. Vijana wa migodini walikua wakisikia Rolling Stones, Hendrix na James Brown, na Zambia huru ikawapa sababu ya kutengeneza yao. Rais Kenneth Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Makundi yakaingia studio: WITCH ya Emmanuel Chanda, aliyejiita Jagari kwa kulichukua jina la Mick Jagger na kulifanya la Kiafrika, Amanaz, Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, iliyowahi kuishi na kupiga muziki Kenya, na Ngozi Family ya Paul Ngozi, ambaye mbele za watu alipiga gitaa kwa meno. Wengine waliimba kwa Kiingereza, wengine wakachanganya Kibemba na Kinyanja. Gitaa walilipitisha kwenye kisanduku cha kukwaruzisha sauti, na huko ndiko kunakotoka ule mngurumo.

Haikudumu. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, pesa ikaadimika. Vita vya Rhodesia vikaleta mashambulizi, amri ya kutotoka usiku na kuzimwa kwa taa, na dansi ni kitu cha usiku. Halafu kaseti. Santuri moja ilinunuliwa na mtu mmoja, ikanakiliwa mtaa mzima, na wanamuziki hawakupata senti. Nilimwambia kijana ukweli huu bila kuuficha, kwamba baba yake naye alikuwa mmoja wa waliokuwa wakinakili. Baadaye ukaja Ukimwi, ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Katika kundi la awali la WITCH, aliyebaki hai ni Jagari.

Shemeji alirudi Mbeya mwaka 1979. Dada anasema alimkuta tayari mtu wa kanisa, na Kitwe aliitaja pale tu alipozungumzia kaburi la baba yake.

Ni kijana aliyegundua lililonipita. Nilimfundisha kwamba juu ya kaseti, ule upande ulio mkabala na utepe, kuna vidirisha viwili vya plastiki. Ukiishika upande A ukikutazama na utepe ukiwa chini, cha kushoto ndicho cha upande huo. Ukikivunja, kijiti ndani ya redio kinaingia kwenye tundu na kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena. Ndivyo watu walivyolinda kanda wanazozipenda. Na ukibadili mawazo, unaziba tundu kwa kipande cha selotepu, kijiti kinadanganyika, kitufe kinabonyezeka.

Kijana alizipanga kaseti zote 11 mezani, migongo juu, akazitazama kwa muda mrefu.

"Mjomba, zote alizivunja."

Ni kweli. Zote 11 zilikuwa zimevunjwa vidirisha. Kati ya hizo, 10 zilikuwa na selotepu ya njano iliyokauka juu ya matundu. Saba akazirekodi kwaya, tatu aliziandaa lakini hakuzirekodi kitu. Moja tu ilikuwa na matundu wazi, na karatasi yake ilikuwa nyeupe, haina jina la kundi wala mwaka.

Hiyo tuliiacha mpaka mwisho, tukaicheza usiku wa Jumamosi. Ilikuwa na sauti nzito, ya mbali, kama mtu aliyejifunika blanketi, dalili kwamba ilirekodiwa na mashine ambayo hedi yake haikukaa sawasawa na ya kwangu. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo. Niliizungusha kidogo kidogo kwa bisibisi, robo ya robo ya mzunguko, sikio kwenye spika, mpaka matoazi yakafunguka. Haikuwa nakala ya santuri. Ilikuwa ni chumba, na ndani yake vijana wanne au watano wakifanya mazoezi. Ngoma zilikuwa karibu mno na kinasa sauti, gitaa moja la solo, mtu akiimba bila kipaza sauti, mlango ukifungwa. Chini ya vyote lilikuwapo gitaa la besi.

Wimbo ni mmoja, wameupiga mara tatu. Mara ya kwanza besi inafika mahali fulani, inateleza, wote wanasimama na mtu anacheka. Mara ya pili inateleza palepale. Hatukusikia jina la mpigaji likitajwa, na sikutaka kumwambia kijana jambo nisilolijua. Tulikuwa tumeinama juu ya redio dada alipoingia na chai. Alisimama mlangoni, trei mkononi, besi ikizunguka nota zake sita kwa mara ya tatu.

"Hiyo," akasema. Aliweka trei chini, akapiga vidole vinne ukingoni mwa meza, polepole, sita kwa sita, sambamba kabisa na kanda. "Hiyo ndiyo aliyokuwa akipiga kwenye benchi mchungaji akihubiri. Miaka yote. Nilikuwa namshika mkono anyamaze."

Kwenye kanda, besi ilifika pale pagumu, ikapita. Wimbo ukaendelea hadi mwisho wake, vijana wakapiga kelele za furaha, na kitufe kikalia.

Kesho yake tuliunganisha redio na kompyuta kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni, tukairekodi kanda nzima kwa Audacity na kuihifadhi kama WAV bila kuibana. Ni kama megabaiti 10 kwa kila dakika, na nilimkataza kusafisha mvumo wa utepe, kwa sababu programu inayouondoa huondoa pia pumzi ya kile chumba. Matundu tuliyaacha wazi. Kabla ya kuirudisha kwenye kopo, kijana aliirudisha nyuma, akatazama tarakimu za kaunta pale besi inapovuka, akachukua penseli na kuandika kwenye ile karatasi nyeupe: 214.