Ukibarua, Mkataba na Karatasi: Kazi ya Hoteli Mombasa

Vijana wengi wa Mombasa huingia kwenye kazi ya hoteli kwa kuitwa, si kwa tangazo la gazetini. Jirani anayefanya kazi Nyali au Shanzu hupiga simu Ijumaa jioni: kesho kuna harusi ya watu mia nne, watu hawatoshi, njoo na suruali nyeusi, shati jeupe na viatu vya kufunga. Kijana anaingia kwa geti la wafanyakazi, anaosha sahani na masufuria mpaka saa nane za usiku, analipwa, anamwachia supavaiza namba yake ya simu, kisha anarudi nyumbani kungoja kuitwa tena. Akiitwa mara ya tatu na ya nne, huanza kusema kwamba amepata kazi hotelini. Hapo ndipo inafaa asimame kidogo na kuuliza: ameandikwa kama nani?

Jibu la swali hilo lina uzito kuliko idadi ya nyota zilizo juu ya mlango wa hoteli. Hoteli hiyo hiyo moja huwa na watu wa aina tatu wanaovaa yunifomu ile ile: vibarua wanaolipwa kwa siku, wafanyakazi wa mkataba wa msimu, na wafanyakazi wa kudumu. Wanabeba trei sawa na kutandika vitanda sawa, lakini haki zao na pesa zao mwisho wa mwezi hazifanani hata kidogo.

Mgawanyiko huu unatokana na jinsi wageni wanavyokuja. Hoteli za ufuoni, kuanzia Nyali hadi Bamburi na Shanzu, hujaa Desemba, hupata wageni wengi tena Julai na Agosti, na huzorota mvua za masika zinapoanza, Aprili hadi Juni. Hoteli za katikati ya mji hazitikiswi sana na mvua, kwa sababu wageni wao ni wafanyabiashara na watu wa bandarini. Tangu treni ya reli mpya ianze safari zake mwaka 2017, mikutano na warsha za watu wa Nairobi nayo huleta wageni katikati ya juma. Hakuna meneja anayetaka kulipa mishahara ya watu mia mbili mwezi wa Mei wakati vyumba vitatu kati ya vinne ni vitupu. Kwa hiyo huajiri wachache wa kudumu, na pengo hulizibwa na vibarua. Anayetafuta kazi kwa mara ya kwanza hufanya vyema kwenda kuulizia Oktoba na Novemba, hoteli zinapojipanga kwa Krismasi. Akienda Mei ataambiwa aache barua yake, na barua itakaa hapo.

Milango iliyo rahisi kwa asiye na cheti ni miwili. Wa kwanza ni wa stiwadi, yule anayeosha vyombo, kusafisha majiko na kutoa taka. Kazi hiyo ni ngumu na ina maji moto, dawa kali na sakafu ya kuteleza, lakini iko jikoni. Mwenye macho hujifunza pale jinsi shefu anavyopanga kazi, namna nyama mbichi inavyotengwa na mboga, na kwa nini ubao wa kukatia samaki hautumiki kwa kitu kingine. Wapishi wengi wazuri wa pwani walianzia kwenye sinki.

Mlango wa pili ni wa hausikiping, na huo una ufundi mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mhudumu wa vyumba hupewa vyumba kama kumi na viwili hadi kumi na sita kwa shifti moja. Chumba ambacho mgeni bado anakaa huchukua dakika ishirini hivi. Chumba ambacho mgeni ameondoka chaweza kula dakika arobaini, kwa sababu kila kitu huanzwa upya. Kazi ina mpangilio wake: unabisha na kujitaja, unasubiri, unabisha tena, ndipo unafungua. Unafungua pazia na dirisha, unavua mashuka na foronya, unatoa taka, kisha unamwaga dawa chooni na bafuni na kuiacha ifanye kazi wakati unatandika kitanda. Vumbi hufutwa kwa kuzunguka upande mmoja wa chumba bila kurukaruka, ili kusiwe na pembe iliyosahauliwa. Sakafu huja mwisho, ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Supavaiza anapokuja kukagua hatazami kitanda kwanza. Anatazama nyuma ya mlango, chini ya kitanda na kwenye mdomo wa bomba la kuogea, kama kuna unywele. Aliyemaliza vyumba vyake mapema bila vyumba kurudishwa ndiye hukumbukwa nafasi ya mkataba ikitokea. Na kitu chochote alichoacha mgeni, hata chaja ya simu, kinaandikishwa siku hiyo hiyo. Watu wamepoteza kazi nzuri kwa chaja iliyokaa mfukoni hadi kesho yake, ingawa hawakukusudia kuiba.

Tuje kwenye pesa. Serikali ya Kenya huweka kima cha chini cha mshahara kwa amri, na katika amri iliyoanza Novemba 2024 kima cha weita au mpishi wa kawaida katika miji mikubwa, Mombasa ikiwamo, kilikuwa takriban shilingi 17,403 kwa mwezi. Juu yake mwajiri asiyekupa nyumba hutakiwa kuongeza posho ya nyumba, ambayo kwa amri hizo ni asilimia 15, yaani shilingi 2,610. Jumla inafika 20,013. Kisha yanakuja makato: NSSF asilimia 6, karibu shilingi 1,200, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, karibu 550. Na tozo ya nyumba asilimia 1.5, shilingi 300. Kodi ya mapato hakuna, maana mshahara wa chini ya 24,000 haufikiwi nayo. Weita huyo anabaki na shilingi 17,960 hivi mkononi.

Hesabu hii inafaa kukaa kichwani, kwa sababu ndiyo kipimo cha kusomea hati ya malipo. Ikiwa hati inaonyesha 17,000 bila mstari wa posho ya nyumba, uliza. Ikiwa makato ya NSSF yapo kwenye karatasi, ingia kwenye akaunti yako ya NSSF uangalie kama yamefika, maana pesa zilizokatwa bila kupelekwa ni hasara ambayo mtu huigundua baada ya miaka, tayari ameondoka. Sahani ikivunjika, sheria ya ajira inaruhusu kukatwa kiasi cha haki kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi kwa makusudi. Glasi iliyoteleza kwenye trei wakati wa msongamano wa bafe haimo humo.

Juu ya mshahara kuna tipu, na mahali penye ada ya huduma, mgao wake. Hizi hazitabiriki na hazigawanyiki sawa. Mhudumu wa baa na mbeba mizigo huonana na mgeni uso kwa uso; stiwadi haonwi na mtu. Baadhi ya hoteli huweka boksi moja na kugawa kwa wote, nyingine humwachia kila mtu alichopewa. Nadhani boksi la pamoja ni la haki zaidi, mradi hesabu yake ibandikwe ukutani kila mtu aisome. Siku ya kwanza kazini, ulizia utaratibu wa tipu kama unavyoulizia saa za shifti.

Sasa kibarua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja kwa jumla, au anayefanya kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa ni mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi haikati mfululizo huo. Ni sehemu yake, tena ni ya malipo. Akizidi miezi miwili tangu aanze, anastahili masharti ya mwajiriwa wa kawaida: likizo, notisi, na mengine. Waajiri wengine wanalijua hili vizuri, ndiyo maana kuna vibarua wanaoambiwa kila wiki ya tatu wapumzike siku nne kisha warudi. Kinga ya mfanyakazi ni kumbukumbu. Andika kwenye daftari tarehe, saa ya kuingia na kutoka, na jina la aliyekuita. Usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Picha ya ratiba ya shifti iliyobandikwa ukutani, yenye jina lako, ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya mashahidi kumi.

Karatasi mbili huombwa karibu kila mahali. Ya kwanza ni cheti cha afya cha wanaoshika chakula, kinachotolewa baada ya vipimo na ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Ya pili ni cheti cha tabia njema kutoka DCI, kinachoombwa kupitia eCitizen na kuchukuliwa alama za vidole. Ziwe nazo kabla hujaitwa, maana nafasi ya Desemba haingoji vipimo. Mtu akikuomba pesa ili akuingize kazini, au akudai malipo ya yunifomu kabla hujaanza, ondoka.

Kusoma kuna njia zaidi ya moja. Chuo cha Utalii kilicho barabara ya Thika, Nairobi, kilichoanza mwaka 1975 na chenye hoteli yake ya mafunzo, bado kinaheshimika kote nchini, lakini ni mbali na kina gharama. Mombasa kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, na Kenya Coast National Polytechnic. Kwa vyuo vya ufundi vya umma, diploma huanzia alama ya C- ya KCSE, cheti huanzia D, na aliyepata E bado ana kozi ya ufundi ya ngazi ya chini. Usichague chuo kwa jengo. Uliza kina jiko la mazoezi linalotumika kila wiki, na wanafunzi wake hupelekwa hoteli gani kwa atachimenti. Miezi mitatu ile, ambayo mara nyingi haina malipo, ndiyo usaili wenyewe. Hakikisha una barua ya chuo, bima, na kitabu cha kumbukumbu kinachotiwa saini na kila idara.

Aliyejifunza kwenye sinki, miaka mitano sasa, hana haja ya kuanza upya darasani. NITA hutoa jaribio la gredi: unapika au unahudumu mbele ya mtahini, na ukifaulu gredi ya tatu unaweza kupanda hadi ya pili na ya kwanza. Stiwadi wa Kisauni anayepika kila shefu anapokosa mtu, lakini anayelipwa kama mwosha vyombo, akiwa na cheti cha gredi ana kitu cha kuweka mezani anapoomba kuandikwa mpishi.

Kwenye hoteli zenye chama, KUDHEIHA hujadiliana na waajiri kuhusu mishahara na masharti, na makubaliano hayo mara nyingi yako juu ya kima cha serikali na hugusa hata mkataba wa msimu. Usome mkataba huo kabla ya kutia saini, hasa kipengele cha masika: je, hoteli ikipunguza watu Mei, utaitwa tena Julai kwa jina lako, au utarudi kupanga foleni getini na wageni wa kazi? Kama ulifanya kazi na hukulipwa inavyostahili, afisi ya kazi ya Mombasa hupokea malalamiko, na sheria inakupa miaka mitatu ya kudai. Nenda na daftari lako.