Miamba Iking'aa, Kadi Isizidiwe

Mchezaji wa Skyrim mwenye kadi ya picha ya GB 4 hutamani kuta na miamba ing'ae, akapakua tekscha za 4K. Picha moja ya pikseli 4096 kwa 4096, hata ikibanwa kwa BC7, hula takriban MB 21 za kumbukumbu ya kadi. Ya 2048 hula robo yake. Kadi ikijaa, gemu hukwama kila unapogeuka. Thibitisha kwa Task Manager. Basi 4K iwe ya milima, vikombe vibaki 1K.

Mod Organizer 2 haigusi faili asilia: gemu likigoma, ondoa tiki. Lakini sheda za ENB hunakiliwa ndani ya folda ya gemu. Andika majina ya faili zake, uweze kuzifuta zote.