Barua ya Meneja kwa Mhudumu wa Vyumba Anayeomba Kazi Melini

Mhudumu wa vyumba wa hoteli ya Diani, Watamu au Nungwi anapoomba kazi kwenye meli ya kitalii, karatasi nyingi anazoambatisha hutolewa na watu wasiomjua. Pasipoti hutoka serikalini. Cheti cha afya hutiwa saini na daktari aliyekutana naye mara moja, na cheti cha mafunzo ya usalama baharini hutolewa na chuo alichohudhuria kwa siku chache. Barua ya meneja wa hoteli ndiyo pekee inayotoka kwa mtu aliyemwona akitandika vitanda, akiosha bafu na kuzungumza na wageni, mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana inauma kuona jinsi barua hizi zinavyoandikwa. Nyingi ni aya moja: huyu ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, tunamtakia kila la heri. Meneja ameandika kwa nia njema, na mhudumu anaipokea kwa shukrani. Lakini ofisa wa wakala wa ajira aliyeko Nairobi au Mombasa ana rundo la barua zenye maneno hayohayo. Zinamsifu kila mwombaji kwa sifa zilezile, kwa hiyo hazimsaidii kuchagua yeyote.

Ili kujua barua iseme nini, inafaa kwanza kuifahamu kazi inayoombwa. Stiwadi wa vyumba melini hukabidhiwa sehemu yake ya ujia, mara nyingi vyumba zaidi ya kumi na tano, naye huhesabiwa kuwa mwenyeji wa wageni wote wa humo. Vyumba vyenyewe ni vidogo kuliko vya hoteli, kwa hiyo kila kitu kina mahali pake na mizigo ya wageni hujaa sakafuni. Siku ngumu kuliko zote ni ile ya kubadilisha abiria. Asubuhi wageni wa safari iliyokwisha wanashuka, na mchana wa siku hiyohiyo wapya wanapanda. Katika saa chache hizo shuka na taulo zote za ujia lazima zibadilishwe, bafu zioshwe, na kila chumba kikaguliwe. Hotelini mhudumu hupata vyumba vichache vya wageni wanaoondoka kila siku, na vingine ni vya wageni wanaoendelea kukaa. Melini siku hiyo karibu vyote ni vya kuanza upya.

Jambo la pili ni maradhi. Watu wengi wamefungiwa pamoja, na virusi vya noro vinavyoleta kutapika na kuhara huenea upesi kupitia vitasa, vyuma vya ngazi na mabomba ya bafuni. Meli zinazobeba abiria 13 au zaidi na kutia nanga Marekani kutoka nchi za nje hukaguliwa na kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC. Wakaguzi huja bila taarifa na kutoa alama kati ya 100. Inayopata 85 au chini ya hapo imeshindwa. Stiwadi anayetumia kitambaa kimoja kwa choo na kwa meza ya chumbani anaiweka meli nzima hatarini. Kwa hiyo msomaji wa barua anataka kujua kama mwombaji amezoea kutenganisha vitambaa kwa rangi, kupima dawa ya kuua viini kwa kiwango kilichoandikwa kwenye chombo, na kuiacha kwenye vitu kwa muda unaotakiwa kabla ya kuifuta.

La tatu ni urefu wa kazi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya na Tanzania zote zimeuridhia, unataka baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Ukiigeuza hesabu hiyo utaona kwamba siku ya kazi inaweza kuwa ndefu sana bila sheria kuvunjwa. Mkataba wa stiwadi huchukua miezi kadhaa mfululizo, na siku kamili ya mapumziko ni nadra. Mtu aliyefanya kazi misimu minne ya Desemba katika hoteli iliyojaa ana ushahidi kwamba anaweza kustahimili hali hiyo, lakini ushahidi huo hautaonekana kama meneja hakuuandika.

Tuchukue mfano wa mhudumu wa Diani aliyeajiriwa Novemba 2021 katika hoteli ya vyumba 140, akaacha kazi Septemba 2025. Barua yake huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi ya meli hizi, lakini maudhui yake yangekuwa hivi:

„Nathibitisha kwamba aliyetajwa hapo juu, kwa jina lililo kwenye pasipoti yake, alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli hii kuanzia tarehe 1 Novemba 2021 hadi 30 Septemba 2025. Mwezi wa Mei na Juni wa kila mwaka alikuwa kwenye likizo bila malipo, kwa sababu hoteli hupunguza wafanyakazi wakati wa masika. Alisafisha vyumba 14 kwa zamu ya saa nane, na katika msimu wa wageni wengi vitano au sita kati ya hivyo vilikuwa vya wageni wanaoondoka. Jioni aliandaa vitanda na kupamba kwa taulo na maua. Tangu Januari 2024 amewafundisha wahudumu wapya kutumia dawa za usafi na kutenganisha vitambaa. Alishika ufunguo mkuu wa ghorofa kwa muda wote huo, na vitu vilivyosahauliwa na wageni alivikabidhi na kuviandikisha siku ileile. Huzungumza Kiingereza na wageni bila msaada, na Kijerumani cha salamu na maelekezo. Ameacha kazi kwa hiari yake. Nafasi ikiwapo ningemwajiri tena.”

Hakuna neno la sifa humo isipokuwa sentensi ya mwisho, na bado mwombaji anaonekana waziwazi. Vyumba 14 ni kipimo ambacho msimamizi wa meli anaweza kukilinganisha na ujia wake. Taulo si jambo dogo pia. Wageni wa meli hutarajia kukuta taulo imekunjwa kwa umbo la mnyama kitandani, na wahudumu wa pwani yetu wana ustadi huo tayari; wengi hawautaji kwa sababu wanauona wa kawaida. Ufunguo mkuu unaeleza uaminifu vizuri kuliko neno lenyewe, maana stiwadi melini atakuwa na ufunguo wa vyumba vilivyojaa pasipoti, fedha na vito. Na kauli ya kumwajiri tena ndiyo ambayo maofisa wa ajira huitafuta, kwa sababu meneja asiyeridhika huona vigumu kuiandika.

Likizo za masika nazo zina sababu ya kuandikwa. Waombaji wengi huzificha wakidhani zitawaharibia. Hapo ndipo barua hupingana na wasifu, au na hati za mshahara, na ofisa anaanza kushuku hata yaliyo kweli. Pengo lililoelezwa kwa sentensi moja na meneja mwenyewe halimdhuru mtu. Vivyo hivyo jina: kama hotelini alijulikana kwa jina la nyumbani, barua ifuate pasipoti herufi kwa herufi.

Yako pia mambo ambayo meneja anapaswa kuyaacha. Habari za afya ya mfanyakazi, ujauzito, dini au mambo ya nyumbani kwake hazina nafasi kwenye barua hii, hata zikiandikwa kwa huruma. Afya ya baharia hupimwa na daktari aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo. Na kama mfanyakazi alikuwa na upungufu, meneja asitunge sifa ili kumfunika. Aandike alichokiona kikifanyika vizuri, na ambalo hawezi kulithibitisha aliache.

Barua ikishafika, huthibitishwa. Ofisa makini hapigi namba ya mkononi iliyoandikwa chini ya saini. Hutafuta namba ya hoteli yenyewe na kuomba kuunganishwa na meneja au ofisi ya wafanyakazi. Karatasi iwe na nembo ya hoteli, tarehe, jina kamili na cheo cha anayetia saini, muhuri, na barua pepe ya hoteli. Anwani ya barua pepe ya binafsi hutia shaka. Barua za kununua, zenye nembo iliyonakiliwa na saini ya mtu asiyekuwepo, huanguka kwa simu moja tu, na aliyezileta huwa amepoteza nafasi kwa wakala huyo, mbali na kosa la kughushi.

Wahudumu wengi huchanganya barua hii na hati nyingine ambayo ni haki yao. Nchini Kenya, kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, ilimradi alifanya kazi angalau wiki nne mfululizo. Cheti hicho hutaja mwajiri, mfanyakazi, aina ya kazi, mahali, na tarehe za kuanza na kumaliza. Tanzania Bara nayo inataka cheti cha utumishi kitolewe, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Lakini sheria ya Kenya inasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya kueleza tabia au utendaji wa mtu. Kwa hiyo cheti unakidai, barua unaiomba.

Na kwa kuwa unaiomba, iombe mapema, ungali kazini, na umrahisishie meneja. Mpelekee karatasi yenye tarehe zako, idadi ya vyumba, mafunzo uliyopewa na kazi ulizoongezewa, ili ahakiki kutoka kwenye kumbukumbu za hoteli. Mameneja wa hoteli za pwani huhama sana, na anayekuja baada yake hatakuwa na la kusema juu yako zaidi ya tarehe. Wakala asikutoze fedha za kukutafutia kazi: mkataba ule wa 2006 unamruhusu baharia kulipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti tu, na viza ni juu ya mwenye meli.

Kwa mameneja nina ombi moja. Mkiisha kutia saini, wekeni nakala kwenye faili la mfanyakazi na mwambieni karani wa ofisi kwamba barua hiyo ipo. Simu ya kuthibitisha huenda ikaja baada ya miezi mitatu, mkiwa likizo au mmeshahamia hoteli nyingine, na mtu aliyewafanyia kazi miaka minne asikose meli kwa sababu aliyeipokea alijibu kwamba hamfahamu.