Fahamu: Kwa nini chupa ya mvinyo wa Dodoma hukatwa kwa kalamu

Picha ni ya tangazo: chupa ya mvinyo wa Dodoma na kichala cha zabibu za Hombolo, nyuma ukuta mweupe. Ukibonyeza Select Subject kwenye Photoshop, vyote vinazingirwa kwa sekunde chache. Sasa kuza picha hadi asilimia 200. Zabibu ziko sawa, ila bega la chupa limemegwa: mwanga wa dirishani umeng'aa kwenye kioo ukafanana na ukuta. Quick Selection nayo huteleza hapohapo, maana inafuata tofauti ya rangi.

Kwa chupa, chukua Pen Tool. Weka nukta pale mkunjo unapoanza na unapoishia. Nukta zikizidi, kioo kinaonekana kama kimetafunwa. Pitisha mstari pikseli moja ndani ya ukingo, weupe wa ukuta usibaki. Kisha chagua Make Selection, Feather Radius 0.5, Add to Selection.

Kichala kiachie Select Subject, huo mkunjomkunjo hauna haja ya kalamu. Ukuta unaochungulia kati ya punje utoe kwa Lasso huku umeshikilia Alt. Kikonyo kikipotea, Quick Selection yenye brashi ndogo itakirudisha.