Maswali Matatu ya Kufungia Semina

Wawezeshaji wengi humaliza mada kwa kuuliza, "Mmeelewa?" Washiriki hujibu, "Ndiyo," na kila mtu hurudi kwake. Jibu hilo halimwambii mwezeshaji lolote. Njia bora ni kuweka mwishoni jaribio fupi la maswali matatu, swali moja kwa kila somo kuu.

Tuchukue semina ya kuhifadhi mahindi katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Masomo yake makuu ni haya: mahindi yakauke vizuri, kila tabaka lifungwe peke yake baada ya kutoa hewa, na mfuko usifunguliwe mara kwa mara. Andika maswali kabla ya kuandaa slaidi, ili mada nzima ielekee huko.

Swali lieleze tukio na limtake mshiriki aamue la kufanya. Kwa mfano: "Umetia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, ukatikisa na kusubiri dakika 15. Chumvi imeganda kwenye kuta za chupa. Utafanya nini? A: Nitafunga mfuko leo. B: Nitaanika tena. C: Nitatia dawa ya wadudu, kisha nifunge."

Jibu ni B, kwa kuwa chumvi iliyoganda inaonyesha unyevu. Lakini jibu C ndilo la kutazamwa zaidi. Anayelichagua anadhani dawa hutibu unyevu, kumbe dawa huua wadudu tu, nayo kuvu huendelea kuota. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Kwa hiyo majibu yasiyo sahihi yatokane na mambo ambayo watu huyafanya kweli nyumbani, yasiwe ya kuchekesha.

Weka swali kwenye slaidi moja, na jibu pamoja na sababu yake kwenye slaidi inayofuata. Mpe kila mshiriki kadi tatu zenye herufi A, B na C, na zote zinyanyuliwe kwa pamoja. Mikono ikinyooshwa mmoja mmoja, wengi humfuata mwenyekiti wa kikundi.

Hesabu kadi kabla ya kuonyesha jibu. Zikigawanyika, wape dakika mbili kila mtu ajadiliane na jirani yake, kisha wapige kura tena. Wengi wakiendelea kukosea, rudia somo hilo kwa vitendo, kwa chupa na chumvi mezani.

Jaribio hili hupima uelewa wa siku hiyo tu. Yanayofanyika ghalani halionyeshi. Kwa hiyo, baada ya wiki tatu au nne, uliza masomo yale yale katika mkutano wa kikundi kwa kutumia matukio mapya, halafu mwende mkaangalie mifuko ilivyofungwa. Anayejikumbusha mwenyewe hushika somo kwa muda mrefu kuliko anayesomewa tena.