Bei ya "Nitaangalia"

Mpishi wetu alikuwa muungwana kwa kila jambo isipokuwa moja. Harusi ilikuwa Jumamosi jioni, Dar es Salaam, na yeye alitaka idadi ya watu Jumatano saa sita mchana. Baada ya hapo, alisema, kuongeza mtu inawezekana kwa bei nyingine, kupunguza haiwezekani. Tulikubaliana Sh 25,000 kwa kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati, daftari la majina lilikuwa mikononi mwangu, na wiki moja kabla ya siku yenyewe lilisomeka hivi: walioalikwa 320, waliosema ndiyo 251, waliosema hapana 27. Waliobaki 42 walikuwa wale wa "nitaangalia", "nitajitahidi", "inshallah" na "ngoja nimuulize baba watoto".

Watu 42 mara Sh 25,000 ni Sh 1,050,000. Hiyo ndiyo pesa iliyokuwa ikining'inia kwenye neno "labda".

Njia ya kwanza, ambayo kamati nyingi huifuata bila hata kuijadili, ni kubahatisha. Mweka hazina wetu alipendekeza tuhesabu theluthi mbili, yaani 28, tuagize sahani 279, tulale usingizi. Wajumbe wengine, kwa kuogopa aibu ya chakula kuisha, walitaka tuwalipie wote 42. Kubahatisha hakuna gharama siku unapobahatisha. Gharama huja baadaye, ama kwa sahani zilizolipiwa na kumwagwa, ama kwa mjomba aliyetoka Morogoro akakuta masufuria yamekwanguliwa. Niliomba siku nne.

Jumamosi ile nilianza na njia ya bei nafuu: meseji za pamoja kupitia kampuni inayotuma kwa jina la harusi badala ya namba. Tulitozwa Sh 20 kwa kila meseji. Hapa kuna mambo mawili ambayo muuzaji hakuambii. Meseji moja ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Yetu ilikuwa na zaidi ya 190, kwa hiyo kila mtu alihesabiwa meseji mbili, jumla Sh 1,680. Ukipachika kikatuni kimoja tu cha moyo au ua, kikomo kinashuka hadi herufi 70, na ujumbe uleule unakuwa meseji tatu. La pili ni zito zaidi: meseji iliyokuja kwa jina haiwezi kujibiwa. Mgeni anaandika NDIYO, anabonyeza, na haifiki popote. Kwa hiyo namba ya katibu lazima iandikwe ndani ya ujumbe, pamoja na siku na saa ya mwisho ya kujibu. Nilipata majibu 13: watano wanakuja, wanane hawaji.

WhatsApp ni bure ukishakuwa na bando, na ndiyo maana kila mtu huikimbilia. Kwa kazi hii siipendi. Ukitumia orodha ya matangazo, ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake, na shangazi wa upande wa bwana harusi hana sababu ya kuwa na namba yangu. Ukifungua kundi, wa kwanza akiandika "inshallah" na wengine kumi wataandika "inshallah", na unabaki pale ulipokuwa. Alama mbili za bluu zinakuambia amesoma. Hazikuambii anakuja.

Walibaki 29, nao tukawapigia, mimi na binamu yangu mmoja, Jumapili na Jumatatu baada ya saa moja usiku. Vifurushi vya dakika vilitugharimu Sh 4,000 kwa wawili, na kila simu ilichukua kama dakika tatu. Hapa ndipo pesa ilipookolewa, lakini simu yenyewe si dawa. Kinachofanya kazi ni nani anapiga na anaulizaje.

Kwanza, asipige mweka hazina. Wengi wa wale 29 walikuwa wameandika ahadi ya mchango na hawajaimaliza. "Labda" yao haikuhusu ratiba hata kidogo. Walikuwa wanasubiri mshahara, au wanaona haya kuja mikono mitupu. Wakiona namba ya mtu wa fedha hawapokei. Binamu yangu, ambaye hakuhusika na hesabu yoyote, alianza hivi: "Shikamoo shangazi, sipigi kuhusu mchango. Napanga meza. Nikuandikie kiti, au safari hii hutaweza?" Swali la "utakuja?" linamfanya mtu mstaarabu aseme inshallah, kwa kuwa kumkatalia mtu harusi usoni ni utovu wa adabu. Ukimwekea hapana mkononi, ikiwa imeshavikwa heshima, ataichukua.

Pili, ujue kusikiliza. "Hongereni sana, nitatuma mchango wangu" ni hapana, andika hapana. "Ukumbi uko wapi hasa, kuna pa kuegesha gari?" inaelekea ndiyo. Inshallah ya mtu mzima wa pwani usiirudie kuiuliza, ni kama unamtilia shaka yeye na Mungu wake. Muulize, "Tukuletee gari saa kumi na moja?" Akikutajia nyumba iko karibu na msikiti upi, umepata jibu. Na wenye kadi ya dabo waulizwe habari za mtu wa pili kwa jina, maana mara nyingi mwenye kadi ana uhakika na nafsi yake, mashaka yote yako kwa mwenzake.

Simu zile zilitupa majibu 22: wanne ndiyo, kumi na wanane hapana. Sikutarajia hapana ziwe nyingi kiasi hicho.

Wakabaki saba. Wanne walikuwa wazee ambao simu kwao ni dharau, nao nikawafuata Jumanne kwa bajaji, Sh 24,000 mzunguko mzima na chai ya kila nyumba juu yake. Wote walikubali, na nikajua jambo ambalo meseji isingeniambia kamwe: wawili kati yao hawatembei usiku bila wajukuu wa kuwasindikiza, kwa hiyo ongeza sahani mbili. Ni njia ghali kuliko zote, Sh 6,000 kwa jibu moja, na ingekuwa upuuzi kuitumia kwa wote 42. Kwa wazee wanne ilistahili kila senti. Watatu wa mwisho hawakupatikana kwa njia yoyote.

Jumatano asubuhi hesabu ikawa 251, jumlisha 13 waliogeuka ndiyo, jumlisha wasindikizaji wawili: 266. Tukaweka sahani nne za akiba kwa ajili ya wale watatu na mgeni mmoja wa ghafla, tukampa mpishi 270. Tungewalipia wote tungeagiza 293, sahani 23 zaidi, Sh 575,000. Hata kwa theluthi mbili za mweka hazina tungezidisha sahani tisa, Sh 225,000. Kufuatilia kote kulitugharimu Sh 29,680, na jioni tatu.

Kwa kamati yenye "labda" chini ya ishirini, ningeruka meseji na kuanza na simu moja kwa moja. Zikizidi hapo, meseji kwanza, simu kwa waliobaki, bajaji kwa wazee tu. Usianze mapema kuliko siku kumi kabla, kwa sababu ndiyo ya mwezi mzima kabla huwa imeshaoza siku ya harusi ikifika.

Kati ya wale watatu wasiopatikana alikuja mmoja, na watoto wawili.