Pengo la Miezi 13 Ambalo Halikuwepo

Waajiri wengi Dar es Salaam bado hupokea wasifu wa kazi uliochapwa steshenari na kutiwa kwenye bahasha ya kaki. Maombi yakifika mia mbili, ofisi huzipiga picha karatasi zote kwa simu na kuipa kompyuta kazi ya kuzisoma. Kinachorudi ni muhtasari wa kila mwombaji: kazi alizofanya, ujuzi alionao, na vipindi ambavyo karatasi haisemi alikuwa wapi.

Hicho cha mwisho ndicho cha kuangaliwa kwa makini. Jina la kazi limeandikwa, na ujuzi umeandikwa. Pengo halijaandikwa popote. Hupatikana kwa kulinganisha tarehe mbili. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, mtu anazuliwa mwaka mzima wa kukaa bila kazi, na jina lake linawekwa pembeni kabla hajaulizwa chochote.

Tuchukue mfano niliouandaa kwa ajili ya makala hii: mwombaji wa kazi ya mtunza stoo. Karatasi yake inasema alimaliza stashahada ya ununuzi na ugavi mwaka 2011. Alikuwa karani wa stoo kiwandani, Machi 2012 hadi Juni 2015. Alikuwa mtunza stoo msaidizi kwenye kampuni ya usafirishaji, Agosti 2014 hadi Desemba 2016. Baadaye akawa mtunza stoo, 2018 hadi 2021, kisha mtunza stoo mkuu, Mei 2021 hadi sasa.

Picha yenyewe ndiyo hatua ya kwanza, na hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Programu za kusoma maandishi hufanya vizuri karatasi ikiwa na nukta 300 hivi kwa kila inchi. Kwa ukurasa wa A4, hiyo ni picha ya pikseli 2480 kwa 3508, na simu nyingi za leo zinaimudu ukurasa ukijaza fremu. Shida huja picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu hubanwa, mara nyingi hadi upande mrefu ubaki na pikseli 1600 hivi. Tarakimu ya maandishi ya kawaida iliyokuwa na kimo cha pikseli 30 hubaki na 14 tu. Hapo 5 na 3 zinatofautiana kwa pikseli chache sana. Picha hiyohiyo ikitumwa kama faili la hati, haibanwi.

Sasa fikiria karatasi ya mwombaji wetu ilikunjwa mara mbili ili iingie kwenye bahasha, na mkunjo ukapita juu ya tarakimu ya mwisho ya "Juni 2015". Kivuli cha mkunjo kinaigeuza 5 kuwa 3. Kwa kompyuta, ukarani umekwisha Juni 2013, na kazi iliyofuata imeanza Agosti 2014. Tayari kuna pengo la miezi 13, kuanzia Julai 2013 hadi Julai 2014, na pengo hilo halikuwepo.

Kosa la namna hii hugundulikaje? Njia ya kwanza ni kuitaka programu iseme ina uhakika kiasi gani na kila neno ililosoma. Programu ya wazi ya Tesseract, ambayo asili yake ni maabara za Hewlett-Packard, hutoa alama hiyo ukiiendesha hivi:

```
tesseract cv.jpg cv -l swa+eng tsv
```

Kwenye faili linalotoka kuna safu iitwayo `conf`, yenye alama hadi 100. Mwaka wenye alama ya chini kuliko maneno ya jirani yake unapaswa kukatwa kwenye picha na kuwekwa mbele ya macho ya mtu. Njia ya pili ni kusoma maelezo ya kazi yenyewe. Mwombaji wetu ameandika kwamba alisimamia stoo ya kiwanda "kwa zaidi ya miaka mitatu". Machi 2012 hadi Juni 2015 ni miezi 40. Hadi Juni 2013 ni miezi 16 tu. Karatasi imejisahihisha yenyewe.

Njia hii ya pili ina uzito zaidi siku hizi, kwa kuwa ofisi nyingi zinaanza kutumia mifumo ya akili mnemba inayoitazama picha na kuandika muhtasari moja kwa moja. Programu za zamani zikikosea mara nyingi huacha alama, kama vile herufi O katikati ya mwaka. Mifumo mipya hukosea kwa maandishi safi kabisa: inaandika 2013 bila doa, na hakuna kinachokushtua. Ndiyo maana kila kilichomo kwenye muhtasari, ujuzi ukiwemo, lazima kibebe mstari wa karatasi kilikotoka. Ujuzi usio na mstari wake, ufutwe.

Tarehe ikishasomwa sawasawa, inabaki hesabu. Kazi mbili za mwanzo zinapishana kwa miezi 11, Agosti 2014 hadi Juni 2015. Ukizijumlisha tu unapata miezi 69 ya uzoefu. Ukihesabu kila mwezi mara moja, ni 58. Kompyuta huzipanga kazi kwa tarehe za kuanza, hushika mwisho ulio mbali zaidi kati ya zilizopita, na hutangaza pengo pale tu kazi inayofuata inapoanza zaidi ya mwezi mmoja baada ya mwisho huo. Miezi ya masomo nayo huhesabiwa, na kalenda ya shule hukumbukwa: aliyefanya mtihani wa kidato cha nne Novemba na kuingia cha tano Julai hajapoteza chochote.

Halafu kuna "2018 hadi 2021", mwaka bila mwezi. Programu nyingi hujaza Januari kimyakimya. Ni uamuzi mbaya, maana hakuna aliyeziambia. Afadhali zihifadhi mipaka yote miwili ya tarehe ya kuanza:

```json
{
  "kazi": "Mtunza stoo",
  "si_kabla_ya": "2018-01",
  "si_baada_ya": "2018-12",
  "mstari": "Mtunza stoo, 2018 hadi 2021"
}
```

Kazi ya kabla yake iliisha Desemba 2016. Basi pengo hapa ni la kweli, lakini urefu wake ni kati ya miezi 12 na 23, na muhtasari uandike hivyohivyo. Mwaka 2021 ni tofauti: hata kama kazi iliisha Januari, hadi Mei inabaki miezi 3 tu, na huenda haupo hata mmoja. Hilo si pengo la kumwandikia mtu.

Kabla ya kuliita pengo la 2017 "lisiloelezwa", ukurasa wote usomwe. Chini kabisa, kwenye mafunzo, kuna mstari: "Cheti cha udereva wa foklifti, VETA, 2017". Hauelezi mwaka mzima, lakini unaeleza sehemu yake. Mfumo unaotafuta maelezo kwenye orodha ya kazi peke yake hautauona kamwe.

Na "hadi sasa" ni lini? Ni siku karatasi ilipochapwa, ambayo yaweza kuwa mwaka juzi. Tarehe iliyo karibu na saini ndiyo inayotumika. Isipokuwepo, mwisho wa kazi hiyo uachwe wazi.

Kwa mwajiri, pengo linalobaki baada ya yote haya liwe swali la kumpigia mwombaji simu, lisiwe sababu ya kumwondoa. Kwako unayeandaa wasifu wiki hii: andika mwezi kwa herufi na mwaka kwa ukamilifu, weka tarehe chini ya saini, usiikunje karatasi, na kama ulikuwa ukiuguza mzazi au ukilea mtoto, liandike hilo kwa mstari mmoja, na tarehe zake.